Wimbo Ukimalizika, Usiimbwe Kwanza

Mtunzi akishamaliza kuandika wimbo husoma maneno yake mara nyingi, akabadilisha hili na kufuta lile, mpaka karatasi ikawa safi. Kisha wimbo unapelekwa kwa mwimbaji, sauti inatiwa, na siku ya kwanza jukwaani vijana wa nyuma wanaanza kucheka katikati ya beti la huzuni. Mtunzi anarudi kwenye karatasi yake na haoni kosa. Ni kweli halimo. Kosa limezaliwa njiani, baina ya karatasi na sikio.

Chanzo chake kimo katika maumbile ya Kiswahili chenyewe. Karibu kila silabi yetu inaishia kwa irabu, na neno likiishia kwa irabu huungana na linalofuata bila kizuizi chochote. Tunapozungumza, kinachomsaidia msikilizaji kujua neno limeishia wapi ni mkazo, ambao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu akisema "usiku huu", mkazo wa "si" unamwambia msikilizaji kwamba baada ya silabi moja tu neno litakuwa limekwisha. Muziki hauheshimu alama hiyo. Pigo la ngoma huanguka linapotaka, noti ndefu huenda kwenye silabi yoyote, na pumzi hukatwa kwa hesabu ya muziki. Msikilizaji anabaki na mfuatano wa silabi tupu, naye anaupasua apendavyo, na sikio la binadamu hupenda kupasua pale penye neno linalojulikana sana. Matusi yanajulikana na kila mtu.

Nimetunga mishororo minne kwa ajili ya makala haya na kuyakusanya humo, kwa makusudi, makosa ambayo hutokea kila siku katika nyimbo za watu makini kabisa. Ni wimbo wa mama ambaye mwanawe amekwenda kufanya kazi Maskati na sasa anatarajiwa kurudi. Kila mshororo una mizani 16, nane kwa nane, na vina nimeviacha kama wafanyavyo watunzi wengi wa bendi.

Mtoto mbali na kwetu, usiku mama halali,
Moyo wangu wafurahi, tiketi ameikata,
Nimechoka kunyamaza, niambie kila jambo,
Ua moyo wa mamayo, rudi tukae pamoja.

Ukisoma kwa macho, ni wimbo wa heshima ambao hata kwaya ya kina mama ingeuchukua. Sasa tuufanyie kazi ambayo inapaswa kufanywa kabla haujatoka nyumbani.

Hatua ya kwanza ni kuuandika upya kwa silabi, bila nafasi baina ya maneno, ukifuata namna tuni inavyokwenda. Silabi inayoshikwa kwa noti ndefu ipigiwe mstari chini, na mahali mwimbaji anapovuta pumzi pawekwe mkwaju. Mshororo wa kwanza unakuwa hivi: m-to-to-mba-li-na-kwe-tu / u-si-ku-ma-ma-ha-la-li. Karatasi ya namna hii inatisha kidogo kwa sababu maneno uliyoyapenda yametoweka, na zimebaki sauti ambazo ndizo msikilizaji atakazopewa. Pitisha kidole, ukisoma silabi mbili mbili na tatu tatu, ukianzia kila mahali, pamoja na katikati ya maneno.

Silabi ya mwisho ya "mtoto" na ya kwanza ya "mbali" zikishikana zinatoa tusi ambalo gazeti hili haliwezi kuliandika pamoja. Silabi ya mwisho ya "usiku" na ya kwanza ya "mama" zinatoa jingine, zito zaidi, na hapa ni katika wimbo wa kumsifu mama. Hatari inategemea tuni. Ikiwa noti ndefu iko kwenye "si" na "ku" inapita haraka, watu wachache watalisikia. Ikiwa "ku" imeangukia pigo la kwanza na "ma" imevutwa, ukumbi mzima utalisikia, na yule aliyelisikia mara moja hatalisahau tena kila wimbo utakapopigwa.

Tiba mara nyingi ni nafuu kuliko mtunzi anavyohofu. "Usiku mama halali" ikigeuzwa kuwa "mama usiku halali" mizani ni ileile nane, maana ni ileile, na silabi mbili zenye ugomvi zimetenganishwa. "Mtoto mbali na kwetu" inahitaji silabi moja tu ya kusimama katikati: "Mtoto yu mbali nasi." Hapo "to" inakutana na "yu", na sikio likijaribu kupasua vibaya litapata "yumba", ambalo halimdhuru mtu. Msomaji makini atasema kwamba hata "halali" lina maana mbili, halali ya haramu na halali ya kukosa usingizi. Ni kweli, lakini si kila maana mbili ni kosa. Neno "usiku" lililo jirani limekwisha kumwelekeza msikilizaji, na hata akiisikia ile nyingine hapati aibu wala upotofu. Ningeiacha. Mkaguzi anayeogopa kila kivuli huua wimbo kama yule asiyeogopa chochote.

Mshororo wa pili hauna tusi hata moja, na bado ndio wenye kosa kubwa kuliko yote kwa upande wa maana. "Tiketi ameikata" inatuambia mtoto anarudi. Lakini katika Kiswahili urefu wa irabu hubeba maana: kukata na kukataa, kufa na kufaa, kukoma na kukomaa, kupa na kupaa. Katika mazungumzo hatukosei, kwa sababu "kata" ina mkazo kwenye "ka" na "kataa" ina mkazo kwenye "ta". Mwisho wa mshororo ndipo waimbaji wengi wanapopenda kuvuta sauti. Mwimbaji akiishika "ta" kwa mapigo matatu, ametangaza kwa sauti tamu kwamba mtoto ameikataa tiketi. Mama aliyekuwa akifurahi sasa anafurahia kwamba mwanawe hataki kurudi. Mshairi wa nyimbo za mapenzi anayemalizia kwa "nakufa" ana shida hiyohiyo, maana ikivutwa inakuwa "nakufaa", na kilio cha mapenzi kinageuka barua ya kuomba kazi.

Hapa mtunzi na mtia tuni lazima wazungumze. Kama tuni bado laini, noti ndefu ihamishiwe kwenye "ka" na "ta" ikatwe fupi, na mkazo utakaa pale unapokaa kinywani. Kama tuni imeshikilia, neno lihame. "Keshakata na tiketi" ina mizani nane, "kata" imeingia katikati ambako hakuna wa kuivuta, na silabi ya mwisho ni "ti", ambayo unaweza kuivuta hadi machweo bila kupata neno jingine.

Tukiwa kwenye mkazo, watu wa kwaya wanajua taabu ya nyimbo zilizotafsiriwa kwa tuni za Ulaya. Tuni zile zilitungiwa lugha ambazo mishororo yake huweza kuishia kwa silabi yenye mkazo, ilhali neno letu huishia kwa silabi iliyolegea. Matokeo yake ni kwamba pigo zito linaangukia silabi isiyostahili, na wazee wanaimba kwa mazoea huku mtoto anayesikia kwa mara ya kwanza akiuliza neno hilo ni lipi. Kuna maneno ambayo mkazo pekee ndio unaoyatofautisha. Barabara ya magari ina mkazo kwenye "ba" ya pili, yaani silabi ya tatu, na barabara ya "sawasawa" ina mkazo kwenye "ra" ya kwanza, silabi ya pili. Mwimbaji anayesisitiza isivyo anaweza kumfanya Bwana aongoze lami.

Mshororo wa tatu una mitego miwili ya pumzi. "Kunyamaza" ni neno zuri lenye silabi nne, na wimbo wa taratibu huenda ukaligawa mawili: "kunya", pumzi, "maza". Nusu ya kwanza ni kwenda haja kubwa. Anayesikiliza redio ndani ya basi hatangoji nusu ya pili, na kama mtambo wa sauti una mwangwi, nusu ile ya kwanza itarudiwa mara tatu kabla mwimbaji hajarejea. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mkwaju wa pumzi usikate neno kabisa, na ikibidi, kila nusu isomwe peke yake kana kwamba wimbo umekwisha hapo. "Nitie moyo" ni kisa cha aina hiyo. Maneno mawili yakiwa pamoja ni ombi la heri, lakini "nitie" ikifungia mshororo na "moyo" ikaja baada ya mapigo manne ya gitaa, mitaani watakuwa wamekwisha kuelewa vingine.

Mtego wa pili ni "jambo". Maneno ya Kiswahili yanayoishia kwa "mbo" ni mengi na mazuri: wimbo, mambo, urembo, tumbo, ng'ambo. Yote yana hatari moja, kwamba silabi hiyo ya mwisho ikivutwa inaota irabu ya pili na kuwa kiungo cha mwanamume. Waitikiaji wanaorudia silabi ya mwisho kwa "oo, oo" wanaikamilisha kazi. Kwa hiyo maneno ya "mbo" yanakaa salama katikati ya mshororo. "Kila jambo niambie" ni maneno yaleyale yaliyopinduliwa, na sikio likiunganisha litapata "mboni", ambayo ni mboni ya jicho. Nusu ya kwanza nayo inakuwa "Nimechoka na ukimya", mizani nane, na hakuna mahali pa kuikata vibaya.

Mshororo wa nne unaonyesha hasara ya kubana mizani. Mtunzi alitaka "ua la moyo", akahesabu, akaona silabi imezidi, akaiondoa "la". Kilichobaki, "ua moyo wa mamayo", ni amri ya kuua. Na "mamayo", ambalo kwa sarufi na kwa ushairi wa kale ni neno la adabu kabisa, mitaani Tanzania limekuwa mwanzo wa ugomvi. Mtunzi wa Lamu au Mvita anaweza kushangaa kuambiwa hivyo, na ana haki ya kushangaa, lakini wimbo wake utapigwa Mbagala pia.

Marekebisho ya mwanzo yanaonekana mepesi: "Ua la moyo wa mama." Nane kamili. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu wanadhani lililosahihishwa limekwisha. Rudisha mshororo kwenye silabi na uuimbe haraka. "U" na "a" zikikosa noti mbili tofauti zinayeyuka na kuwa "wa", na sasa mama anaimba "wala moyo wa mama", yaani wewe mwana unaula moyo wangu. Dawa imeleta ugonjwa mpya. Unaweza kumwagiza mwimbaji azitenganishe, na mwimbaji wa taarabu aliyelelewa na mwalimu mzuri atazitenganisha, lakini wimbo mzuri huimbwa na watu ambao hukuwaagiza. Ningeacha ua lenyewe na kuandika "Kipenzi changu cha moyo". Picha imepungua, nakiri kwamba inaniuma, ila mama hatuhumu tena mtu kwa ulaji.

Wimbo sasa uko hivi:

Mtoto yu mbali nasi, mama usiku halali,
Moyo wangu wafurahi, keshakata na tiketi,
Nimechoka na ukimya, kila jambo niambie,
Kipenzi changu cha moyo, rudi tukae pamoja.

Baada ya karatasi inakuja hatua ya pili, ambayo haina mbadala: masikio ya mtu asiyejua maneno. Mtunzi hawezi kujisikia, kwa sababu ubongo wake unamwambia alichokusudia. Rekodi mwimbaji kwa simu, sauti peke yake na mara nyingine pamoja na ala, kisha mpe mtu ambaye hajaona maandishi asikilize mara moja na kuandika alichosikia. Usimwulize "Umesikia tusi?" kwa maana atalitafuta na kulipata hata pasipo nalo. Mwambie tu aandike. Pale anaposita, anapoacha nafasi, au anapoandika neno tofauti, ndipo pana kasoro. Akiandika "chumba wangu" mahali ulipotunga "mchumba wangu", umegundua kwamba tuni haikuipa "m" noti yake. Katika Kiswahili "m" ya mwanzo kabla ya konsonanti kama "ch" ni silabi kamili, na mtia tuni anayeisahau humlazimisha mwimbaji kuimeza.

Wasikilizaji watatu wanatosha, mradi wasifanane. Mmoja awe kijana wa mjini anayejua lugha ya mtaani ya mwezi huu, maana hiyo ndiyo inayobadilika haraka kuliko zote. Mwingine awe mtu mzima wa pwani, atakayesikia "thamani" ilivyoteleza kuwa "zamani", au "mahali" ilivyogeuka "mahari" kwa mwimbaji ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi "l" na "r". Wa tatu atoke upande wa pili wa mpaka, Mtanzania kwa wimbo wa Kenya na Mkenya kwa wimbo wa Tanzania. Kijana ndiye anayepuuzwa zaidi, hasa makanisani, na ndiye anayehitajika zaidi huko. Nyimbo za injili hutumia vitenzi vya kumwagwa, kuingiwa, kusimamishwa na kubebewa mzigo, na kila kimoja kati ya hivyo kina maisha mengine mitaani. Mwalimu wa kwaya akimwita kijana wa sauti ya tatu pembeni na kumwuliza, kijana atainamisha kichwa: "Mwalimu, hiyo 'mwaga'... ningesema 'mimina'." Jibu la namna hiyo lipokelewe bila kumkemea, la sivyo mara ijayo hatasema. Vivyo hivyo kwaya ya Katoliki inayoimba juu ya Papa wa Roma inaweza kujiokoa kwa "Baba Mtakatifu", maana papa wa mitaa ya Dar es Salaam si huyo, na wala si samaki.

Haya yote hayahusu fumbo lililokusudiwa. Taarabu imeishi kwa mafumbo, na mtunzi anayetaja embe akijua wapi linaelekea amefanya kazi yake. Ukaguzi unamlinda tu asiseme asichotaka. Hata hivyo anayekusudia naye afahamu kwamba nje kuna wasikilizaji wengine: Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, na jina la Nyegezi, eneo la jiji hilo la Mwanza, ndilo lililokuwa katikati ya mzozo kwa jinsi silabi zake za mwanzo zilivyosikika.

Majina ni sehemu ngumu kwa sababu hayabadilishwi. Wimbo wa arusi lazima umtaje bibi arusi, wa kampeni lazima utaje jimbo. Nyegezi ikiimbwa nzima, kwa pumzi moja, ni Nyegezi tu. Makumbusho ni kituo cha daladala chenye heshima zake, mpaka mtayarishaji wa muziki atakapokata silabi mbili za mwanzo na kuzirudia mfululizo kwa ajili ya kucheza, kwa kuwa silabi zinazorudiwa huzunguka, na baada ya mizunguko miwili sikio linaanza kusoma kutoka ya pili kwenda ya kwanza. Kwa hiyo kila jina kwenye wimbo liandikiwe maelekezo pembeni mwa karatasi: lisikatwe, lisivutwe mwisho, lisirudiwe nusu, na waitikiaji walitaje lote au wasilitaje. Karatasi hiyo apewe mwimbaji, apewe na mtayarishaji, kwa sababu wa pili ndiye mwenye mkasi.